Namna ya Kumkumbusha Mzee Deni

Ujumbe wenyewe ni mfupi: “Mzee, hujalipa marejesho ya miezi miwili, 220,000. Faini 10,000. Lipa kabla ya Jumamosi tarehe 14, la sivyo tunakata hisa zako.”

Tuseme aliyeuandika ni katibu wa kikoba kimoja mjini Tanga, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Anayeandikiwa ni mwalimu mstaafu, rika la baba yake. Alikopa 600,000 kwa riba ya asilimia kumi, akakubali kurejesha 110,000 kila mwezi kwa miezi sita. Minne ya mwanzo alilipa bila kuchelewa hata siku moja. Aprili na Mei zimepita kimya, na mwisho wa Juni kikundi kinavunja kikoba, kila mtu achukue akiba yake na faida. Katibu ana daftari lisilofungika, na wanachama wenzake wanamuuliza.

Katika ujumbe ule hakuna uongo. Kiasi ni sahihi, tarehe ni sahihi, faini na kukatwa kwa hisa vimo katika katiba ya kikundi ambayo mwalimu mwenyewe aliitia saini. Hata tusi hamna. Ila yeyote aliyelelewa miongoni mwetu akiusoma atajua kwamba mwalimu atakapoufungua, simu ataiweka kando, na Jumamosi hataonekana kikaoni. Nataka kutafakari kwa nini iwe hivyo, na katibu afanye nini ili ukweli uleule ufike bila kumvunjia mzee heshima.

Tuanze na kile ambacho mwalimu anakijua tayari. Deni analijua. Amelihesabu usiku mara nyingi kuliko katibu alivyolihesabu mchana. Kwa hiyo ujumbe haumpi habari ya deni; unampa habari kwamba watu wengine wameanza kulihesabu, na kwamba binti wa rika la wanawe amepata mamlaka ya kumwamrisha. Hiyo ndiyo habari mpya, na ndiyo inayouma.

Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu adabu katika lugha, wanasema uzito wa ombi hupimwa kwa mambo matatu: umbali uliopo kati ya wawili, nani ana mamlaka juu ya nani, na ukubwa wa jambo linaloombwa. Kadiri jumla inavyozidi, ndivyo watu wanavyozidi kuzunguka. Kipimo hicho kinatufaa, ila hapa lile jambo la pili lina pande mbili. Kwa cheo, katibu yuko juu: ana daftari, ana katiba, ana kikao nyuma yake. Kwa umri, mwalimu yuko juu, na hakuna katiba ya kikundi inayoweza kufuta miaka. Ujumbe wa kwanza ulizungumza kwa cheo peke yake. Ujumbe mzuri utasema mambo ya cheo kwa sauti ya mtoto kwa mzazi, na kazi hiyo inafanyika katika sehemu nne: salamu, kitenzi, ombi na sababu.

Salamu kwanza. Barua za kizamani za pwani, zile zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilitumia mistari mingi kumtaja mpokeaji kwa sifa na kumwombea salama kabla ya kufika kwenye jambo. Waliosoma shule miaka ya sabini na themanini wanakumbuka barua zao wenyewe: mwandishi mzima wa afya, hofu ni kwa aliye mbali na upeo wa macho yake, ama baada ya salamu, ndipo neno lenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake wosia mwaka 1858, alitanguliza dini, na mara baada ya dini akaweka adabu na ulimi. Si pambo. Salamu humweka kila mtu mahali pake kabla jambo halijaingia.

Katika simu, kosa la kawaida ni kubandika salamu na dai katika ujumbe mmoja: “Shikamoo Mzee, kuhusu lile deni...” Shikamoo ya namna hiyo haimpi mzee nafasi ya kuitikia. Ni bora katibu aitume peke yake, asubuhi watu wakiwa wameshaamka vizuri, kisha asubiri. Mwalimu akijibu “Marahaba mwanangu, hatujambo,” ameshakaa katika utu uzima wake na amempokea katibu kama mtoto. Linalofuata litaingia mahali palipotayarishwa. Asipojibu mpaka jioni, katibu anaweza kuendelea, kwa sababu nafasi alimpa.

Salamu hiyo pia iwe na kitu cha kweli ndani yake. Wazee wanamtambua haraka mtu anayewajulia hali siku ya kudai tu. Ikiwa katibu anajua kwamba mke wa mwalimu amekuwa akiuguzwa mguu, basi aulize mguu wa Mama unaendeleaje. Swali hilo lina faida nyingine: huenda likaleta lenyewe sababu ya kuchelewa, bila mtu kuiomba. Mzee anayesema mwenyewe kwamba fedha zilikwenda hospitali hajatoa kisingizio; ametoa habari. Angeulizwa kwa nini hajalipa, maneno yaleyale yangekuwa utetezi.

Sehemu ya pili ni kitenzi. “Hujalipa” kinamtaja mwalimu kuwa mtendaji wa kosa. “Hayajalipwa” kinaonekana laini zaidi, lakini kwa kuwa ni mtu mmoja tu anayeweza kuyalipa, kidole bado kimemwelekea yeye. Kuna njia ya tatu ambayo makatibu wenye uzoefu huifuata bila hata kuifikiria: kuyafanya marejesho yenyewe yawe ndiyo yanayozungumziwa. “Marejesho ya Aprili na Mei hayajaingia kwenye daftari.” Sasa kati ya mkono wa mwalimu na daftari kuna hatua nyingi. Huenda alituma kwa simu na mweka hazina akasahau kuandika. Huenda alimpa mjukuu alete. Huenda daftari ndilo lenye kasoro. Sentensi haimzuii mzee wala haimkamati. Imemwachia mlango wa kutokea akiwa amesimama wima.

Mlango huo lazima uwe wa kweli. Kabla ya kuandika, katibu afungue daftari la kikundi, alilinganishe na kitabu cha mwanachama kama kipo karibu, na amwombe mweka hazina apitie miamala kwenye simu yake. Nimeona zaidi ya mara moja “deni” la mzee likiwa ni mstari uliorukwa na mwandishi. Katibu akishahakikisha, sentensi yake itabaki kuwa ya kweli hata kama anajua fedha hazijatumwa, maana ni kweli hazijaingia. Asichoruhusiwa ni kujifanya anadhani zilitumwa wakati anajua hazikutumwa. Mzee ataubaini uigizaji huo mara moja, na utamuudhi kuliko lile dai kavu.

Sehemu ya tatu ni ombi. Amri “lipa” ina ngazi kadhaa za kushukia. Ukiiwekea “tafadhali” mbele, bado ni amri, tena yenye sauti ya tangazo la ukutani. “Naomba ulipe” ni ombi, lakini linamfanya katibu awe ndiye anayedai kwa nafsi yake. “Tunaomba yafike kabla ya Jumamosi” linaliweka ombi mikononi mwa kikundi, ambacho mwalimu naye ni mmoja wao, na kinachotakiwa kufika ni marejesho. Chini yake kuna “tungeshukuru kama ingewezekana yakafika,” na hapo ndipo ninapomshauri katibu asishuke. Maneno hayo yanamwambia mzee kwamba tarehe si lazima, na tarehe ni lazima. Ulaini wa ombi uishie pale unapoanza kubadilisha kinachoombwa.

Ya nne ni sababu, na ndipo ujumbe wa kwanza ulipoweka kitisho. “La sivyo tunakata hisa zako” hakifai, lakini pia hakifichwi. Wengi wetu tukitaka kuwa na adabu tunalifuta neno hilo kabisa, tukidhani tumemheshimu mtu. Kisha Jumamosi hesabu zinafungwa, hisa zinakatwa mbele ya wanachama wote, na mzee anasikia hapo kwa mara ya kwanza. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, na ameletewa na mtu aliyekuwa akijitahidi kuwa mpole. Matokeo yatajwe, ila kama jambo ambalo wote wawili wanaliona linakuja na wote wawili hawalitaki: siku hiyo ndiyo hesabu zinafungwa, baada ya hapo katiba inataka hivi, nami nisingependa tufike huko. Sababu ikitangulia, matokeo hayasikiki kama ngumi.

Tukiziunganisha hizo nne, baada ya marahaba na habari za Mama, katibu anaweza kuandika hivi:

“Nashukuru Mwalimu, na poleni kwa kuuguza. Nimetumwa na kikao nipitie daftari kabla hatujavunja kikoba mwisho wa mwezi. Katika kupitia nimeona marejesho ya Aprili na Mei hayajaingia, 220,000, na ya kuchelewa 10,000, jumla 230,000. Kama yalishatumwa, naomba unirushie ujumbe wa muamala nirekebishe upande wetu. Kama bado, tunaomba yafike kabla ya kikao cha Jumamosi tarehe 14, kwa kuwa siku hiyo ndiyo tunafunga hesabu. Baada ya hapo katiba inataka yakatwe kwenye hisa, nami nisingependa tufike huko. Ukiona tarehe hiyo ni nzito, uniambie kabla ya Alhamisi nilifikishe kwa mwenyekiti tuone namna. Ni mimi mwanao.”

Ujumbe huu ni mrefu kuliko wa kwanza mara kadhaa, lakini hakuna kilichopungua. Kiasi kipo, faini ipo, tarehe ipo, matokeo yapo. Kilichoongezeka ni njia mbili za kujibu bila kufedheheka: kutuma muamala, au kuomba muda kabla ya siku fulani. Neno “nimetumwa na kikao” limepunguza uzito wa katibu kumdai mkubwa wake, maana mjumbe hauawi. Hata hilo liwe kweli. Kama kikao hakikumtuma, aseme “napitia daftari,” asijifiche nyuma ya watu wasiojua.

Ulaini nao una namna mbili za kuharibika, na zote ni za kwetu kabisa.

Ya kwanza ni fumbo. Katibu aliyeshindwa kumwandikia mwalimu moja kwa moja anaweza kushawishika kuandika kwenye kundi la wanachama wote: “Ndugu zangu, wapo wanaojijua, tukumbuke kikoba ni uaminifu.” Anadhani amezunguka kwa heshima, kwa sababu hakutaja jina. Watu wa pwani wanajua zaidi. Fumbo lenye hadhira ni silaha. Ndivyo kanga inavyovaliwa na maneno yake yakaelekezwa kwa jirani, na ndivyo mipasho ya taarabu inavyofanya kazi. Kila mtu katika kundi atajua ni nani anayesemwa, na yeye hataweza kujibu, maana akijibu amekiri. Hapo dai kavu la siri ni afadhali mara mia. Kwa hiyo kabla ya kupima maneno yenyewe, pima idadi ya macho yatakayoyaona. Jambo la mtu mmoja liende kwa mtu mmoja.

Ya pili ni kuzunguka mpaka jambo lipotee. “Mwalimu, samahani sana kwa usumbufu, nilikuwa nakukumbusha tu kuhusu yale mambo yetu ya kikundi, ukipata nafasi siku moja tuone itakuwaje.” Mwalimu atajibu kwa furaha kwamba hakuna shida, na kwa kweli hatakuwa na shida mpaka Jumamosi. Samahani zikizidi hutia hofu pia: mtu anayeomba radhi mara tatu kabla ya kusema neno ana neno baya kuliko analolisema. Kipimo chake ni rahisi. Mpe ujumbe mtu wa tatu asiyejua habari hiyo, labda ndugu yako nyumbani, bila kutaja jina la anayeandikiwa, kisha umuulize: kinaombwa nini, kiasi gani, lini, na isipofanyika inakuwaje? Akijibu yote manne, ujumbe uko tayari. Akikosa hata moja, rudi ukaandike upya. Kisha muulize swali la tano: ungekuwa wewe, ungeweza kujibu huu bila kuona haya?

Ujumbe ukishatumwa kuna kazi ya kusoma jibu, kwa sababu anayethamini mzunguko naye hujibu kwa mzunguko. “Nimeuona mwanangu, inshallah.” Wapo wanaoichukua inshallah kuwa ni hapana ya kistaarabu. Si haki. Mwenye kuisema mara nyingi anamaanisha hasa anachosema: nia anayo, uwezo uko kwa Mungu. Cha kutazama ni kama jibu lina tarehe, kiasi au jina la mtu ndani yake. “Inshallah Ijumaa nitamtuma kijana” ni ahadi. “Inshallah” peke yake ni mtu anayejua ana tatizo na hajapata namna ya kulitamka. Kumuuliza “lini hasa?” ni kurudi kwenye ujumbe wa kwanza. Katibu ampe chaguo jepesi: “Ahsante Mwalimu. Nimwambie mweka hazina akutarajie Ijumaa jioni au Jumamosi kabla ya kikao?” Kuchagua siku kati ya mbili ni rahisi kuliko kukiri kwamba huna hata moja, na asipochagua yoyote, katibu ameshapata jibu bila mtu kulazimishwa kulitoa.

Hapo ndipo simu inapofika mwisho wake na mtu anahitajika. Vikoba vingi huwagawa wanachama katika makundi madogo ya watu watano wanaodhaminiana, na mara nyingi katika watano hao kuna wa rika la mwalimu. Huyo anaweza kumpitia jioni, wakae kibarazani, waongee habari za mjini, na katikati ya maongezi amwambie kwa kicheko neno ambalo katibu asingethubutu kuliandika. Rika na utani vina ruhusa ambayo cheo hakina. Tunamtumia mshenga katika posa kwa sababu hiyohiyo: akikataliwa, waliomtuma bado wanaweza kusalimiana kesho. Mdhamini naye ana haki ya kuambiwa, kwa kuwa hisa zake zinaweza kuguswa. Ila aambiwe baada ya mwalimu kuambiwa, kamwe si kabla yake.

Si kila mzee anataka safari hiyo yote. Wapo waliofanya kazi bandarini, jeshini au kwenye meli miaka mingi, ambao ukianza kuwauliza habari za kuku wanakukatiza: sema shida yako. Dalili zimo katika ujumbe wao wenyewe. Kabla ya kumwandikia mtu, soma alivyokuandikia siku zilizopita. Anayefungua kwa salamu ndefu na kutia jambo mwishoni anakuonyesha anavyopenda kuandikiwa. Anayeandika “Kikao saa ngapi?” ataridhika na shikamoo moja na jambo. Hata kwake, lakini, amri iwe ombi na kitisho kiwe sababu, maana hata asiyependa mzunguko hapendi kuamrishwa na mtoto.

Na kuna ujumbe usiotakiwa kulainishwa hata kidogo. Mgonjwa akipewa dozi isiyo yake, moto ukiwaka jirani, tapeli akiwa anaomba namba ya siri ya mzee kwenye simu, sema neno lenyewe kwanza na kwa ukali unaotosha: “Usimpe mtu namba.” Radhi itaombwa baadaye, na hakuna mzee atakayeikataa. Hata katika deni, ikiwa ujumbe mpole umekwenda, mdhamini amekwenda, na tarehe imepita, kikundi kina wajibu wa kuandika barua rasmi yenye saini ya mwenyekiti. Barua hiyo haivunji heshima, kwa sababu imetanguliwa na kila kilichostahili kuitangulia.

Waliokaa vikobani muda mrefu wanajua kwamba mkopo hauanzi kupotea siku rejesho linapochelewa. Unaanza kupotea siku mkopaji anapoacha kuja kikaoni. Anayekuja, hata akiwa mikono mitupu, atasema jambo lake, atapangiwa upya, atalipa kidogokidogo. Anayeona haya kukaa na wenzake hubadilisha njia ya kupita, kisha hubadilisha namba ya simu. Kikundi kinaweza kujifidia kwa hisa zake na kufunga daftari, lakini mwanachama kimempoteza, na mtaa nao umempoteza mzee aliyekuwa akisimamia mazishi na kuwasuluhisha wanandoa. Katibu anayetumia nusu saa kuandika upya mistari mitatu anafanya kazi ya ukusanyaji kama wengine wote. Anahakikisha kwamba Jumamosi tarehe 14, akiwa na fedha au hana, mwalimu ataweza kuingia kikaoni, akasalimiwa shikamoo na kila kijana aliyemo, naye akaitikia.